"Kama ile ya mwanzo": kisa cha pakiti tatu za dawa ya zabibu

Ujumbe uliingia kwenye simu ya duka saa tatu kasoro asubuhi, siku ya Alhamisi katikati ya mwezi wa sita, na maneno yake yalikuwa machache: "Habari za hapo. Niandalie kama ile ya mwanzo, pakiti tatu. Kijana wa bodaboda atapita saa nane. Hela natuma sasa hivi." Haikupita muda pesa ikaingia, shilingi 36,000, kutoka namba hiyo hiyo. Juu ya ujumbe huo, kwenye skrini ya simu yetu, hapakuwa na kitu chochote. Mteja alikuwa anaendeleza mazungumzo ambayo kwetu hayakuwapo.

Duka lenyewe ni la pembejeo za kilimo, jirani na soko la Majengo hapa Dodoma mjini, na wateja wake wengi ni wakulima wa zabibu na alizeti kutoka Mpunguzi, Mbabala, Hombolo na Veyula. Dada aliyekuwa akishika simu ya duka kwa miaka miwili alirudi kwao Singida mwezi wa nne. Kabla hajaondoka, simu yenyewe ilikuwa imeshaanguka ikafa kabisa, tukanunua nyingine, tukachomeka laini ile ile na kuendelea na kazi. Hakuna aliyekuwa amewahi kuhifadhi nakala ya mazungumzo ya WhatsApp, kwa hiyo namba ilibaki, jina la duka likabaki, picha ya duka ikabaki, lakini kila kilichoandikwa kabla ya mwezi wa tatu kilikwenda na simu iliyokufa, pamoja na majina ya wateja yaliyohifadhiwa ndani yake.

Jambo hili la namba kubaki ile ile ndilo kiini cha kisa, nami ninakiri kwamba sikuwa nimeliwaza mpaka siku hiyo. Kwa mteja hakuna kilichobadilika. Akifungua simu yake anaona mazungumzo yote tangu mwaka jana, na anapoandika "kama ile ya mwanzo" anaamini kwamba anayesoma anaona kile anachokiona yeye. Yuko sahihi kabisa kuandika kwa ufupi namna hiyo, kwa kuwa watu wanaofahamiana ndivyo wanavyozungumza, na asingekuwa na sababu ya kurudia maelezo marefu kwa mtu ambaye tayari anayo. Kwa hiyo mwenye wajibu wa kusema kwamba kitu kimepotea ni yule anayejua kwamba kimepotea, na huyo alikuwa upande wetu wa kaunta.

Kijana wetu wa kaunta, ambaye wakati huo alikuwa na mwezi mmoja na nusu kazini, hakusema hivyo. Alijibu upesi: "Sawa mzee, mzigo wako utakuwa tayari." Kisha akaanza kutafuta mzigo huo ni upi.

Nisimlaumu kupita kiasi, kwa sababu alivyotafuta alitafuta kwa akili. Ujumbe wa pesa ulikuwa na jina la mtumaji, naye akalichukua jina hilo hadi kwenye daftari la mauzo, akafungua kurasa nyuma moja baada ya nyingine, na kwenye ukurasa wa tarehe 14 mwezi wa kwanza akalikuta. Mstari uliandikwa kwa mkono wa dada wa zamani: jina la mteja, neno "Mpunguzi", kisha "ya ukungu x3", kisha 36,000. Idadi ni ile ile, pesa ni ile ile, mteja ni yule yule. Maneno "ya ukungu" hayakutaja dawa, lakini kijana alijua jinsi ya kuivuka hiyo pia: alifungua orodha ya bei za mwezi wa kwanza, akaona kwamba pakiti ya mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu ilikuwa shilingi 12,000 wakati huo, akazidisha kwa tatu, akapata 36,000 kamili. Siku hizi pakiti hiyo tunaiuza 14,000, na yeye akahitimisha kwamba mzee ametuma bei anayoikumbuka. Akafunga pakiti tatu kwenye mfuko, akaandika jina juu, akaweka chini ya meza, na nilipotoka ghalani akaniambia kwa furaha kwamba mzee wa Mpunguzi anadaiwa 6,000.

Nikamuuliza amejuaje kwamba ndiyo hiyo. Akanionyesha daftari.

Ninachotaka kuonyesha katika kisa hiki kipo hapa, maana hesabu yake ilikuwa sahihi kila hatua. Mzee kweli alinunua mchanganyiko ule mwezi wa kwanza, pakiti tatu, kwa 36,000. Kilichokosekana kilikuwa kiungo kimoja tu: hakuna mahali popote palipoonyesha kwamba "ile ya mwanzo" maana yake ni ile ya mwezi wa kwanza. Daftari lililokuwa kaunta lilianza Januari. La mwaka uliopita lilikuwa ghalani ndani ya boksi. Kijana aliona manunuzi mamoja kwa sababu daftari lilimwonyesha mamoja, na kutoka hapo akachukulia kwamba yapo hayo tu. Alama iliyopatikana ikamfanya awe na uhakika zaidi kuliko kama asingepata kitu, na hali hiyo ni ya hatari kuliko kutojua, kwa sababu asiyejua huuliza.

Lugha yenyewe nayo ilikuwa na mtego. Neno "mwanzo" kwetu linabeba maana mbili ambazo kwa kawaida hatuzitenganishi: linaweza kuwa wakati uliopita kwa jumla, kama mtu anavyosema "kama nilivyosema mwanzo", na linaweza kuwa mara ya kwanza kabisa. Mteja anayesema "ile ya juzi" ametaja ya karibuni. Anayesema "ile ile" ametaja kitu chenyewe bila kubadilisha. Anayesema "kama ile" anaweza kuridhika na kinachofanana nayo, na anayesema "kama kawaida" anataja mazoea ya mara nyingi. Haya ni maneno manne yanayoelekeza sehemu nne, na aliyekuwa na mazungumzo yote mbele yake angechagua bila kufikiri. Sisi hatukuwa nayo, kwa hiyo kila neno lilipaswa kushikwa kama lilivyo, na neno la mzee lilikuwa "ya mwanzo".

Tena hata angekuwa anamaanisha ile ya Januari, bado kulikuwa na swali la majira. Mizabibu ya hapa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili hadi wa tatu na tena mwezi wa nane hadi wa tisa, na misimu hiyo miwili haina magonjwa yanayofanana. Mwezi wa kwanza mvua zinanyesha, majani yanalala yameloa, na ukungu unaosumbua zaidi ni ubwiri vinyoya, ambao unahitaji maji juu ya jani ili uingie. Mwezi wa sita mvua zimeshakwisha, asubuhi kuna baridi na upepo mkavu, na ukungu unaostawi bila kuhitaji jani lililoloa ni ubwiri unga. Mkulima huita yote mawili ukungu, na dada wetu aliandika "ya ukungu" kama mkulima alivyosema. Lakini dawa zake haziingiliani: metalaksili na mankozebu hufanya kazi kwa ubwiri vinyoya na haziuzuii ubwiri unga, na salfa hufanya kazi kwa ubwiri unga na haiuzuii ubwiri vinyoya. Mkulima anayepiga isiyo yake atatumia pesa na jasho, kisha atasubiri wiki nzima akidhani amepiga dawa, huku ugonjwa unaendelea. Mwezi wa sita, kwa aliyepogoa mwezi wa nne, huo ndio wakati ambapo punje zimetoka kwenye ua na bado ni changa, na punje changa iliyoshikwa na ubwiri unga hupasuka inapokua.

Kwa hiyo mfuko uliokuwa chini ya meza haukuwa kosa dogo ambalo mteja angelirudisha kesho yake. Mzee angeupokea Mpunguzi saa tisa alasiri, angepiga jioni hiyo au alfajiri, na habari kwamba si dawa yake ingemfikia kwa macho yake mwenyewe baada ya siku kadhaa.

Kijana alipofahamu hivyo akaja na wazo lingine: tumpe mzee zote mbili, ya vinyoya na ya unga, achanganye, halafu iliyo sahihi itafanya kazi. Wazo hili lina sura ya uangalifu na ndiyo maana watu wengi huliangukia. Lakini linamtoza mteja gharama ya kutokujua kwetu, linamwagiza apulizie kemikali ambayo shamba lake halihitaji, na linampa mchanganyiko ambao hatujui kama alishawahi kuutumia. Hakuagiza hivyo. Swali moja lilikuwa rahisi kuliko pakiti tatu za ziada.

Muda wa kuuliza ulikuwepo, maana ilikuwa bado haijafika saa nne na bodaboda angepita saa nane. Kabla ya kuuliza tulifanya yale ambayo hayakutegemea jibu: tulithibitisha kwamba pesa imeingia na ni ya nani, tukaangalia kwamba dawa zote mbili zipo kwa idadi ya pakiti tatu na tarehe za kuisha matumizi hazijapita, tukazitenga pembeni bila kufunga yoyote. Hivyo jibu lolote likija, mzigo ungefungwa kwa dakika mbili.

Kilichobaki ni kuandika ujumbe, na hapo nilikaa na kijana kwa muda. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa: "Mzee samahani, unataka dawa gani?" Ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, ingemshangaza mzee, kwa kuwa dakika ishirini zilizopita ameambiwa mzigo wake utakuwa tayari, na sasa anaulizwa mzigo gani, naye angejiuliza kama pesa yake iko salama. Pili, swali lenyewe halikuwa na uwezo wa kuleta jibu tulilolihitaji. Wakulima wengi hawashiki jina la dawa. Wanashika rangi na pakiti. Mzee angejibu "ile ya unga wa njano", na hapo tungebaki palepale, kwa sababu salfa ni unga wa njano na mankozebu nayo mara nyingi ni unga wenye unjano. Nilimfungulia pakiti mbili za maonyesho, nikamwagia kidogo kidogo kwenye karatasi nyeupe juu ya kaunta, tukazitazama kwa pamoja. Moja ilikuwa ya njano iliyochangamka na nyingine ya njano iliyofifia kuelekea kijivu, lakini hiyo unaiona zikiwa jirani. Ukiwa na moja tu, kwa kumbukumbu ya miezi mitano, huwezi.

Rasimu ya pili aliiandika kwa kutaka kujilinda: "Mzee hatuna kumbukumbu za nyuma, naomba uandike upya oda yako yote." Ni kweli tupu, lakini inamrudishia mteja kazi yote, pamoja na ile tunayoijua tayari. Idadi tunaijua, pesa tunaijua, saa ya kuchukua tunaijua, na kuna manunuzi ya Januari tunayoyaona. Mtu anayeulizwa upya mambo aliyokwisha kusema asubuhi hiyo hiyo ana haki ya kukereka.

Ujumbe tuliotuma mwishoni ulikuwa hivi:

"Shikamoo mzee. Mimi ni kijana mpya hapa dukani. Yule dada uliyekuwa ukizungumza naye ameshaondoka, na simu ya duka ilibadilishwa mwezi wa tatu, kwa hiyo mazungumzo yenu ya nyuma siyaoni. Niliwahi kukujibu kwamba mzigo utakuwa tayari kabla sijajua ni upi. Naomba radhi kwa hilo. Pesa yako 36,000 imefika na ipo. Kwenye daftari ninaona ulichukua pakiti tatu za dawa ya ukungu tarehe 14 mwezi wa kwanza, ila sina hakika kama ndiyo hiyo unayoiita ya mwanzo, na dawa ya ukungu wa masika si ile ya ukungu wa kiangazi. Kama pakiti tupu ipo, nitumie picha yake. Kama haipo, niambie ukungu ulio shambani sasa unafananaje na uko upande gani wa jani. Mzigo utafungwa mara tu ukinijibu, na bodaboda atakuta tayari."

Ni ujumbe mrefu kwa simu, na kijana aliona aibu kuutuma. Sehemu aliyotaka kuifuta ni ile ya kuomba radhi kwa jibu la kwanza. Nilimkataza, kwa sababu jibu lile lilikuwa bado limekaa kwenye simu ya mzee likisema kitu ambacho si kweli, na lisingeweza kuachwa hapo likisubiri ajionee mwenyewe. Sehemu ya kutaja tulichokiona daftarini niliitetea pia. Kuna wanaofikiri kwamba ukishakiri huoni mazungumzo basi unyamaze kuhusu kila kitu, lakini mteja akionyeshwa kipande ulichonacho anaweza kukikataa au kukikubali kwa neno moja, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko kuanza kueleza upya.

Mzee alijibu baada ya robo saa. "Marahaba mwanangu. Si zipo hapo juu?"

Nilicheka, na hata sasa nikikumbuka ninacheka. Kwake zilikuwa hapo juu kweli. Angepandisha skrini kwa kidole angezikuta. Sentensi yetu kwamba mazungumzo "siyaoni" haikumwingia, kwa sababu mtu hawezi kuamini kwa urahisi kwamba kitu anachokiona yeye kwenye mazungumzo ya watu wawili kwa mwenzake hakipo. Kijana akamweleza upya kwa maneno mengine: "Kwenye simu yako zipo mzee, kwenye simu yetu mpya ni patupu. Ukiubonyeza ujumbe wa zamani ukashikilia, utaweza kunifowadia." Njia hii ni nzuri kuliko zote pale ambapo mteja anaiweza, kwa sababu haimtaki akumbuke chochote, rekodi anayo mkononi, anachohitaji ni kuisogeza. Hasara yake ni kwamba mteja ndiye anayechagua cha kusogeza, na atachagua kile anachodhani unakitafuta.

Mzee alifowadi kipande kimoja cha sauti. Tukakisikiliza pale kaunta, na sauti ya dada wetu wa zamani ikatoka, ya upole na ya haraka kama alivyo: "Sawa baba, nimekufungia tatu, na kuchanganya ni vile vile nilivyokuelekeza kwenye simu." Basi. Mazungumzo tuliyokuwa tukiyalilia, tulipoyapata, nayo yalikuwa yakielekeza kwenye mazungumzo mengine yaliyopita kwa mdomo, ambayo hakuna simu yoyote duniani iliyoyahifadhi. Hili ni jambo la kulitarajia katika biashara kama yetu: sehemu yenye maana zaidi huzungumzwa kwa kupiga, na maandishi hubaki na "sawa" na "tumeelewana". Hata kama simu isingekufa, kijana angesoma mazungumzo yote na bado asingejua.

Kilichotuokoa ni swali la jani. Mzee hakuwa na pakiti tupu, alikuwa amezifukia, lakini alikuwa shambani, naye akapiga simu badala ya kuandika. Kijana akamuuliza polepole. Ukungu ni mweupe kama majivu, akasema, upo juu ya jani, umeshaanza na kwenye vichala, na ukipitisha kidole unatoka. Je, kuna madoa ya njano yenye kung'aa kama yamepakwa mafuta, na chini yake vinyoya vyeupe? Hakuna; hayo yalikuwepo masika. Kisha mzee akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa: "Ndiyo maana nikasema ile ya mwanzo. Ya kiangazi cha mwaka jana, siku ya kwanza kuja hapo. Ile ya masika ilikuwa nyingine."

Nilikwenda ghalani nikafungua boksi. Daftari la mwaka uliopita, tarehe 11 mwezi wa sita: jina lake, "salfa x3". Safari ile dada alikuwa ameandika jina la dawa. Na 36,000? Salfa leo tunaiuza 12,000 kwa kilo. Mzee alikuwa ameuliza bei kwa jirani yake aliyenunua kwetu wiki iliyotangulia, akatuma kamili. Hakuwa anadaiwa hata shilingi. Pesa ile ile ililingana na dawa moja kwa bei ya Januari na dawa nyingine kwa bei ya Juni, na aliyeitumia kama ushahidi angeweza kuthibitisha chochote kati ya viwili.

Kulikuwa bado na kitu kimoja ndani ya "kama ile" ambacho hakingerudishwa kwa njia yoyote, nacho ni maelekezo ya kuchanganya. Mzee alikuwa na uhakika kwamba anayakumbuka: "vijiko kama vile vya masika". Lakini vijiko vya masika vilikuwa vya dawa nyingine yenye uzito mwingine, na nini hasa dada alimwambia mwaka jana sisi hatukukijua. Hapa hatukujaribu kukisia wala kumwomba atukumbushe ili tumkubalie. Kijana alisoma kibandiko cha pakiti iliyokuwa mkononi mwake, akampa kipimo cha bomba lake la lita 20 kwa gramu, akakipima kwenye mizani ya kaunta na kuangalia kinajaa vijiko vingapi vya chakula, akaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mfuko. Akamwambia pia apige alfajiri au jioni jua likishapoa, kwa sababu salfa ikipigwa kwenye joto kali huunguza majani, na asiipige karibu na siku ya kuvuna, maana zabibu zake zinakwenda kutengenezwa mvinyo na salfa iliyobaki kwenye punje huuharibu mvinyo harufu. Pengine dada alishamwambia yote hayo mwaka jana. Kuyasikia mara mbili hakumdhuru mtu.

Nimeulizwa na mwenzangu mwenye duka la jirani kama kila "kama ile" inastahili robo ya asubuhi namna hii. Haistahili. Wiki hiyo hiyo mama mmoja wa Veyula anayeotesha miche aliandika "niwekee kama kawaida", naye pia mazungumzo yake ya nyuma hayakuwapo. Daftari lilionyesha kwamba mara nne mfululizo amechukua viriba vya ukubwa mmoja, kilo mbili. Kijana alimwandikia: "Shikamoo mama, nimekuwekea viriba kilo mbili, vya ukubwa ule wa mwezi uliopita; kama leo ni tofauti nijulishe kabla hujaja." Akaviweka. Hakusubiri jibu, na hakukosea. Viriba visivyo sahihi hurudishwa, huyo mama huja mwenyewe na kuviona kabla ya kulipa, na mara nne ni mazoea. Kwa mzee mambo yote matatu yalikuwa kinyume: dawa ikishapulizwa hairudi, anayechukua ni bodaboda asiyejua kinachotakiwa, na daftari lililokuwa mbele yetu lilikuwa na mara moja tu.

Mwenzangu huyo aliuliza pia: na kama mzee asingepatikana mpaka saa nane? Hilo lilinisumbua zaidi, kwa kuwa Mpunguzi mtandao hukatika na simu huisha chaji. Jibu langu ni kwamba bodaboda angeondoka bila dawa. Angepewa karatasi yenye swali lile la jani, namba ya duka, na maneno kwamba pesa ipo na inaweza kurudishwa, na nauli yake ya kuja bure ningeilipa mimi. Mzee angechelewa siku moja na angenisema, tena kwa haki. Lakini siku moja ya kuchelewa anaijua ni siku moja. Dawa isiyo yake angeihesabu kama tiba, na angekaa nayo wiki nzima bila kutafuta nyingine.

Haikufika huko. Saa saba na nusu salfa ilikuwa imefungwa, pakiti tatu za kilo moja, karatasi ya kipimo juu. Ule mfuko wa awali uliokuwa chini ya meza kijana aliufungua mwenyewe, akarudisha pakiti rafuni, akafuta jina. Kisha akafungua daftari kuandika mauzo ya siku, akaandika "ya ukungu", akasimama, akakata kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika: "Salfa, kilo 1 x3, ubwiri unga, majani na vichala, Mpunguzi. Mteja anaiita ile ya mwanzo (angalia 11/6 mwaka jana). Ya 14/1 ni mchanganyiko wa masika." Mstari huo ulichukua nafasi ya mistari mitatu, na bodaboda alikuwa tayari anapiga honi nje.